Hana hatia, lakini alipe: kesi mbili za O.J. Simpson

Tarehe 3 Oktoba 1995 karani wa mahakama jijini Los Angeles alisimama na karatasi mkononi, ulimi ukamkwama kidogo kwenye jina Orenthal, kisha akasoma: mshtakiwa hana hatia ya kumuua Nicole Brown Simpson. Akasoma na ya pili: hana hatia ya kumuua Ronald Goldman. Tarehe 4 Februari 1997, huko Santa Monica kando ya bahari, katika kaunti ileile, ilisomwa karatasi nyingine. Swali lake la kwanza liliuliza kama ushahidi umeelemea upande wa kuonyesha kwamba mdaiwa Simpson alisababisha kifo cha Ronald Goldman kwa makusudi na pasipo haki. Jibu lilikuwa ndiyo.

Ni mtu yuleyule, usiku uleule na maiti zilezile. Ukizitaja kesi hizi mbili barazani hutakosa mtu wa kusema mahakama moja ilihongwa, au kwamba Wamarekani hawajui wanachotaka. Mimi ni wakili, na wateja huniletea swali la aina hii kila mara, ila huwa ni la matatu: "Wakili, hakimu si alimwachia dereva wangu? Sasa hawa wananidai nini?" Huwaambia kwamba hakimu hakusema dereva hakugonga mtu. Alisema upande wa mashtaka haukuthibitisha. Wengi hawaridhiki, na siwalaumu, maana jibu hilo likiachwa hapo linasikika kama ujanja wa mawakili. Kesi ya Simpson inafaa kulieleza kwa sababu kila kitu chake kilitangazwa hadharani.

Usiku wenyewe ulikuwa wa tarehe 12 Juni 1994. Nicole, mtalaka wa Simpson, aliishi mtaa wa Bundy katika kitongoji cha Brentwood. Goldman alikuwa mhudumu wa mgahawa wa jirani, akampelekea miwani ambayo mama yake Nicole aliiacha huko. Wote wawili walikutwa nje ya nyumba wamechomwa visu. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, aliishi mtaa wa Rockingham, mwendo wa dakika chache kwa gari. Alikuwa na ndege ya kwenda Chicago saa 5:45 usiku. Dereva aliyekuja kumchukua alibonyeza kengele ya geti kuanzia kama saa 4:40, hakuna aliyeitika. Karibu saa 4:55 aliona mtu mweusi mrefu akiingia mlangoni, taa zikawaka, na Simpson akaitika akisema alikuwa amepitiwa na usingizi.

Hakuna aliyeyaona mauaji yakitendeka, na kisu hakikupatikana. Kilichokuwepo ni vitu: glovu ya kushoto Bundy na ya kulia Rockingham, matone ya damu upande wa kushoto wa nyayo za kiatu namba 12, damu ndani ya gari la Simpson, soksi zenye damu chumbani kwake, na jeraha kwenye kidole cha kati cha mkono wake wa kushoto.

Katika kesi ya jinai mwenye mzigo ni mmoja tu, dola. Mzigo huo hauhami kuanzia kusomwa kwa mashtaka hadi hukumu. Mshtakiwa anaweza kuketi miezi yote hiyo bila kufungua mdomo, na ndivyo Simpson alivyofanya. Hakupanda kizimbani kutoa ushahidi, na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1965 katika kesi ya Griffin dhidi ya California, mwendesha mashtaka haruhusiwi hata kuwaambia wazee wa juri kwamba kunyamaza huko kunaashiria kitu. Juri ni raia 12 wanaoamua ukweli wa mambo, na katika jinai ya California lazima wote 12 wakubaliane.

Kiwango cha uthibitisho nacho kiko juu sana: dola lazima ithibitishe pasipo kuacha shaka ya msingi. Sheria ya California inaeleza shaka ya msingi kwa maneno ambayo huwa ninayapenda kwa ukweli wake: si kila shaka inayoweza kufikirika, kwa kuwa hakuna jambo la binadamu lisiloweza kutiliwa shaka ya kubuni. Ni ile hali ambayo, baada ya kupima ushahidi wote, mwamuzi hawezi kusema ana imani thabiti ya kudumu kwamba shtaka ni la kweli. Ushahidi ukiwa wa mazingira tu, kama huu, kuna sharti la ziada: kila pete muhimu ya mnyororo lazima yenyewe ithibitishwe kwa kiwango hichohicho, na pale jambo linapoweza kufasiriwa kwa njia mbili zenye mantiki, moja ya hatia na nyingine ya kutokuwa na hatia, ni lazima ichukuliwe ile ya kutokuwa na hatia.

Chukua hiyo kanuni uende nayo kwenye damu, maana ndipo kesi ilipofia. Kwa tone moja lililookotwa kwenye njia ya Bundy, wataalamu wa vinasaba walisema ni mtu mmoja kati ya milioni 170 ambaye angelingana nalo, na Simpson alilingana. Wengi waliosoma namba hiyo magazetini walidhani kesi imekwisha. Lakini namba ile inajibu swali moja tu: damu ni ya nani. Haisemi ilifikaje pale wala nani aliigusa baadaye, na hilo la pili ndilo mawakili wa utetezi walilolishikilia.

Siku moja baada ya mauaji, muuguzi wa polisi alimtoa Simpson damu ya sampuli. Badala ya kuikabidhi palepale, mpelelezi Philip Vannatter aliichukua chupa akaenda nayo hadi nyumbani kwa Simpson, kwenye eneo la uchunguzi lenyewe, ili ampe mtaalamu aliyekuwa akikusanya vielelezo huko. Muuguzi alikuwa ameeleza kwamba alitoa kama mililita 8. Utetezi ukajumlisha kiasi kilichotumika maabara na kilichobaki chupani, ukapata pengo la kama mililita 1.5. Baadaye muuguzi alisema ile 8 ilikuwa makadirio tu, lakini pengo lilikwisha kuingia vichwani. Ongeza kwamba damu ya kwenye geti la nyuma la Bundy iliokotwa tarehe 3 Julai, majuma matatu baada ya tukio, na kwamba damu ya kwenye soksi ilionekana maabara muda mrefu baada ya soksi zenyewe kuchukuliwa. Hapo hesabu ya milioni 170 imekutana na swali la ilikuwa mikononi mwa nani.

Utetezi haukuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba polisi walipandikiza damu, na hili wateja wangu wengi hawalielewi. Walitakiwa kuonyesha kwamba uwezekano huo si wa kubuni. Kama wangekuwa wao wenye mzigo, nadhani wangeshindwa, kwani hakuna shahidi hata mmoja aliyesema aliona jambo hilo likifanyika.

Kisha mpelelezi Mark Fuhrman, aliyesema ndiye aliyeikuta glovu ya Rockingham, aliapa kwamba kwa miaka kumi hakuwa amelitumia lile tusi la kibaguzi dhidi ya Weusi. Zikapatikana kanda alizorekodiwa akilitamka tena na tena. Aliporudishwa mahakamani Septemba 1995, juri ikiwa nje, akaulizwa kama aliwahi kupandikiza ushahidi katika kesi hii, naye akadai haki yake ya kutojibu. Mwaka uliofuata alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo. Ukiwa na pete iliyoshikwa na shahidi wa namna hiyo, na umeambiwa kila pete muhimu lazima ishike, utafanyaje?

La glovu zenyewe linajulikana hata kwa watu ambao hawakuzaliwa wakati huo. Tarehe 15 Juni 1995 mwendesha mashtaka Christopher Darden alimtaka Simpson azivae mbele ya juri. Akazivaa juu ya glovu nyembamba za mpira, akavuta, akanyoosha vidole, zikakwama. Upande wa mashtaka ulieleza kwamba ngozi husinyaa ikilowa damu na kukauka, na inawezekana ni kweli. Lakini wao ndio waliolichagua jaribio, tena bila kujua litaishaje, na kwa upande wenye mzigo jaribio lisilo na jibu ni sawa na jibu baya. Wakili Johnnie Cochran aliwaambia wazee wa juri kwamba kama haimtoshi hawana budi kumwachia. Hakuhitaji kusema glovu ni za nani.

Juri iliketi kwa majadiliano chini ya saa nne. Juri haiandiki sababu, kwa hiyo anayekuambia anajua hasa kilichowafanya wamwachie anakisia. Kwetu jaji au hakimu anaandika hukumu yenye sababu, na mtu akiachiwa unaweza kusoma mstari kwa mstari shaka ilikuwa wapi. Kwa Wamarekani unabaki na neno moja.

Neno hilo, "hana hatia", tulipime vizuri. Karatasi haikuwa na nafasi ya kuandika "hakufanya". Juri iliulizwa kama dola imethibitisha, ikasema hapana. Na kwa katiba yao, mtu aliyeachiwa hivyo hashtakiwi tena kwa kosa lilelile, hata ushahidi mpya ukizuka kesho yake.

Ukazuka kweli. Wazazi wa Goldman pamoja na wasimamizi wa mirathi ya Nicole walifungua madai. Hawakuwa wakiomba Simpson afungwe, maana mahakama ya madai haina jela ya kumpeleka mtu kwa kosa la kuua. Walidai fidia kwa kifo na kwa shambulio la mwili. Kesi ilisikilizwa kuanzia Oktoba 1996 mbele ya Jaji Hiroshi Fujisaki, ambaye alipiga marufuku kamera na kukataa nadharia za njama ya polisi zisizokuwa na ushahidi nyuma yake.

Mzigo sasa ulikuwa wa wadai, kwa kanuni ambayo hata Sheria ya Ushahidi ya Kenya inayo katika kifungu cha 107 na ya Tanzania inayo vilevile: anayetaka mahakama iamini jambo ndiye alithibitishe. Kiwango kilikuwa mizania ya uwezekano. Fikiria mizani ya sokoni yenye vikapu viwili. Si lazima kimoja kigonge chini, inatosha kilalie upande mmoja. Vikibaki sawasawa kabisa, mdai ndiye anayeshindwa, kwa kuwa mzigo ni wake. Zaidi ya hapo, katika madai California haidai wote 12 wakubaliane, 9 wanatosha.

Walimu wengi wa sheria wangeishia hapa: asilimia 99 kule, 51 huku, somo limekwisha. Mimi naona maelezo hayo yamekaa vizuri ubaoni kuliko mahakamani. Kwanza, mahakama haziweki asilimia kwenye shaka ya msingi. Pili, kilichogeuka kati ya kesi ya kwanza na ya pili hakikuwa kiwango cha uthibitisho peke yake. Mdaiwa hana ukimya ule alionao mshtakiwa. Simpson alikuwa amekwisha kuachiwa, hakuna shtaka lililomning'inia kwa mauaji hayo, kwa hiyo hakuwa na kinga ya kukataa kujibu. Wadai walimhoji kwa kiapo kabla ya kesi, wakamwita tena mbele ya juri.

Hapo kikaja kiatu. Nyayo za Bundy zilikuwa za kiatu cha Kiitaliano cha Bruno Magli, soli ambayo si ya kila duka. Katika kesi ya jinai dola haikuweza kuonyesha kwamba Simpson aliwahi kuwa nacho, basi nyayo zikabaki za mtu fulani mwenye mguu wa namba 12. Kwenye mahojiano ya kiapo wakili wa baba yake Goldman, Daniel Petrocelli, alimuuliza kuhusu viatu hivyo. Akakana katakata, akaongeza kwamba viatu vibaya namna hiyo asingevivaa kamwe. Kisha ikapatikana picha aliyopigwa Septemba 1993 kwenye uwanja wa mpira huko Buffalo, akitembea, kiatu mguuni. Upande wake ukaleta mtaalamu wa kusema picha imechezewa. Kesi ikiwa bado inaendelea zikajitokeza picha nyingine 30 za mpiga picha mwingine, za siku ileile na uwanja uleule, na viatu vilevile.

Tazama kilichotokea. Ushahidi wa kiatu peke yake ungekuwa na uzito wake. Lakini mtu aliyeapa hakuwahi kuvivaa, kisha akaonekana navyo mara 31, amejiongezea uzito upande wa pili wa mizani kwa mdomo wake mwenyewe. Katika kesi ya jinai asingeweza kulazimishwa kufungua mdomo huo. Haki ya kunyamaza na mzigo wa dola vinasimama pamoja, na ukiondoa kimoja cha pili hakibaki vilevile.

Kwa haki yote niseme pia kwamba juri ya kwanza wengi wao walikuwa Weusi na ya pili wengi wao Wazungu, katika jiji ambalo lilikuwa limeungua moto mwaka 1992 baada ya juri kuwaachia polisi waliompiga Rodney King, mtu Mweusi. Anayesema hilo halikuwa na uzito wowote anajidanganya. Lakini halielezi kiatu.

Fomu ya juri ya pili ilikuwa na maswali manane, na kipimo hakikuwa kimoja kwa yote. Kwenye swali la nani alisababisha kifo, kipimo kilikuwa mizania. Kwenye swali kama alitenda kwa nia ovu au ukandamizaji, jambo linalofungua mlango wa fidia ya kumwadhibu mdaiwa, sheria ya California inataka uthibitisho ulio wazi na wenye kushawishi, kiwango cha kati, juu ya mizania na chini ya kile cha jinai. Juri ikajibu ndiyo hata hapo. Kwa hiyo wanaosema Simpson alishindwa kwa unywele wa asilimia 51 hawakusoma fomu hadi chini. Fidia ya kawaida kwa wazazi wa Goldman ilikuwa dola milioni 8.5. Tarehe 10 Februari ikaongezwa fidia ya adhabu ya dola milioni 25, nusu kwa upande wa Goldman na nusu kwa mirathi ya Nicole. Mahakama ya rufaa iliithibitisha hukumu mwaka 2001.

Kiwango hicho cha kati si kigeni kwetu. Mwaka 1957, katika kesi ya Ratilal Patel dhidi ya Lalji Makanji, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwamba anayemtuhumu mwenzake kwa udanganyifu ndani ya kesi ya madai hatakiwi kufika kiwango cha jinai, lakini mizania tupu haitoshi. Mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam wanaitaja kesi hiyo mpaka leo, hasa kwenye migogoro ya viwanja na hati za kughushi. Nimeona wadai wakishindwa kwa sababu hiyo: wameandika neno "ulaghai" kwenye hati ya madai kwa hasira, bila kujua kwamba wamejipandishia kiwango cha uthibitisho, ilhali dai la kuvunja mkataba lingewatosha.

Nirudi kwa mwenye matatu. Kenya ina kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi: mtu akitiwa hatiani kwa hukumu ya mwisho, hukumu hiyo inahesabiwa kuwa ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa hilo. Dereva akifungwa au kutozwa faini kwa uendeshaji wa uzembe na muda wa rufaa ukapita, wakili wa majeruhi anakuja kwenye kesi ya fidia na nakala ya hukumu, na ubishi juu ya uzembe wa dereva unakuwa mwembamba sana. Hata hivyo mwenye gari bado anaweza kudai kwamba majeruhi naye alichangia, labda kwa kuvuka pasipo kutazama. Kinyume chake hakipo. Kifungu hakisemi kwamba aliyeachiwa amethibitishwa kuwa hakutenda. Shahidi wa polisi akikosa kufika, au mchoro wa ajali ukipotea, dereva anaachiwa, na majeruhi anabaki na nafasi yake kamili ya kuleta abiria wawili na cheti cha daktari, mizani ikalala. Ndiyo maana humwambia mteja asije ofisini na hukumu ya kuachiwa akidhani ni ngao. Aje na majina ya mashahidi.

Simpson alitoka kwenye mahakama ya Santa Monica bila pingu. Tuzo yake ya Heisman, aliyoipata kwa mpira wa chuo kikuu, ilipigwa mnada mwaka 1999, lakini pensheni yake ya mpira ililindwa na sheria, wadai hawakuweza kuigusa. Familia ya Goldman iliendelea kuihuisha hukumu kwa miaka mingi huku riba ikipanda. Alifariki tarehe 10 Aprili 2024, sehemu kubwa ya fedha ikiwa haijalipwa. Shtaka la jinai linakufa pamoja na mshtakiwa, lakini deni la hukumu ya madai lilibaki, na likawa la mirathi yake.